Michoro Mitatu, Gauni Moja la Kanga

Mchoro wa gauni unaweza kumhadaa hata fundi mzoefu. Mwanamke wa kwenye karatasi huchorwa akiwa na urefu wa vichwa 9, ilhali mtu wa kawaida hufikia 7 na nusu, na ziada hiyo karibu yote huenda miguuni. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa ubunifu wa mavazi aliponionyesha michoro mitatu ya mkusanyo wake wa mwisho, nilimwomba kwanza aijaze wino mweusi. Rangi na nakshi zikizimwa, linabaki umbo.

Kwa umbo, gauni la samaki lilishinda: linabana mpaka magotini, kisha linafumuka. Lakini umbo hilo tumelizoea kwenye harusi, na yeye hakuongeza lake. Isitoshe, kitenge hakivutiki. Likishonwa lilivyochorwa, mvaaji atashindwa kupanda ngazi, labda apasue nyuma au aanzishe mfumuko juu ya goti. Mgongo haukuchorwa kabisa, hata zipu haijulikani ilipo.

La pili lilikuwa na sketi ya duara ya kitenge chenye ndege. Kulishona si kazi kubwa, ila ndege waliosimama mbele watalala ubavuni, kwa kuwa kitambaa kinazunguka. Hapo dawa ni kuchagua nakshi isiyo na juu wala chini.

La tatu ndilo lililonishika. Ni gauni la kanga lenye jina la kanga likisomeka chini, mbele na nyuma. Wengi hukata kanga kama kitambaa chochote na maneno yakapotea mishononi. Huyu amejenga gauni zima juu ya maneno. Kasoro yake ni kwamba alichora sketi inayopanuka kama herufi A. Sketi hiyo hukatwa chini kwa mviringo, na pindo la kanga limenyooka. Mkasi ungekula pindo pembeni, pengine na herufi za mwisho.

Tulikubaliana abadili umbo. Kanga moja, yenye upana wa takriban sentimita 150, iwe mbele nzima, na ya pili nyuma, zikutane pindo kwa pindo ubavuni. Sentimita 300 hizo zivutwe marinda hadi zitoshe kiuno cha 70. Kanga ni nyepesi, haitafura sana. Urefu ukizidi, apunguze juu, kamwe si chini, na pindo atakalokata juu liwe mkanda. Kwa mbali umbo hilo si kali kama la samaki, lakini lina mishono iliyonyooka ambayo fundi wa mtaani ataimaliza bila kuuliza.

Mimi ningelipa hilo la tatu nafasi ya kwanza. Anunue doti mbili za kanga ileile kabla hajakata chochote, maana ya kwanza yote inaishia kwenye sketi.