Kwa nini mwera huleta mawimbi makubwa Mbamba Bay?

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji unayopitia bila kukatizwa na nchi kavu.

Chukua upepo wa kilomita 36 kwa saa. Ukivuka Ziwa Nyasa kutoka Nkhata Bay, Malawi, hadi Mbamba Bay, ni kilomita 60 hivi. Ukivuma saa sita mfululizo, mawimbi hufika kama mita 1.2. Ukivuma saa mbili tu, hayafikii hapo.

Mwera, unaovuma kutoka kusini hasa miezi ya Mei hadi Agosti, hufuata urefu wa ziwa kwa zaidi ya kilomita 200. Kasi ikiwa ileile, ukikesha ukivuma, mawimbi hufika mita mbili.

Upepo ukitulia, mawimbi hayo huendelea kusafiri, marefu na laini. Kwa hiyo ufukwe unaweza kupigwa asubuhi isiyo na upepo.

Mvuvi asitegemee wimbi la kawaida pekee. Mawimbi yakipandana, mara chache hutokea moja lenye kimo mara mbili ya mengine makubwa. Kabla ya kusukuma mtumbwi, tazama maji kwa dakika kadhaa, si mawimbi mawili matatu tu.