Umelipa mara moja, benki inaonyesha makato mawili

Umenunua tiketi ya basi ya shilingi 60,000 mtandaoni kwa kadi. Simu inaleta ujumbe mbili za benki, kila mmoja wa 60,000. Usiseme umeibiwa kabla ya kufungua taarifa ya akaunti.

Kadi hulipa kwa hatua mbili. Kwanza benki huzuia kiasi hicho. Baadaye muuzaji hukidai, na hapo ndipo fedha hutoka. Mtandao ukikatika katikati, mfumo wa muuzaji unaweza kuomba kibali tena, na zuio la kwanza likabaki bila kudaiwa.

Linganisha salio mbili. Tuseme ulikuwa na 200,000. Salio la akaunti likiwa 140,000 na linaloweza kutumika 80,000, muamala mmoja umekamilika na mwingine ni zuio tu, mara nyingi likiandikwa "Pending". Kwa kawaida zuio hujifuta ndani ya siku chache, ingawa benki nyingine huchukua zaidi ya wiki.

Lakini salio zote zikisoma 80,000, na miamala yote miwili imekamilika, umekatwa mara mbili. Mwandikie muuzaji ukiambatisha taarifa hiyo na risiti. Asiporudisha, peleka pingamizi benki mapema, kwani lina muda maalumu.