Gramu 25 za protini: maharage, dagaa au yai?

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji takribani gramu 50 za protini kwa siku. Akila ugali wa gramu 300 za unga wa mahindi, tayari amepata kama gramu 24. Kwa hiyo kazi ya kitoweo ni kujaza pengo la gramu 25 hivi, tena kwa protini ya aina ambayo mahindi hayana ya kutosha. Swali ni pengo hilo linagharimu shilingi ngapi.

Tuchukulie bei hizi za sokoni Dar es Salaam: maharage shilingi 3,000 kwa kilo, dagaa wakavu 12,000, nyama ya ng'ombe yenye mifupa 12,000, na yai moja 400. Kama bei za kwako ni tofauti, badilisha tarakimu. Hesabu ni ile ile. Gramu 25 za protini zinapatikana hivi:

- Maharage makavu, gramu 114: shilingi 340
- Dagaa wakavu, gramu 42: shilingi 500
- Mayai, manne na kidogo: shilingi 1,670
- Nyama, gramu 167 pamoja na mifupa: shilingi 2,000

Maharage yameshinda, lakini bado hayajaiva. Nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa inaweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi. Ikimaliza mkaa wa shilingi 1,000, sufuria nzima imegharimu 2,500 na ina gramu 110 za protini, yaani kila gramu 25 zimefika karibu shilingi 570. Kiasi hicho hicho cha protini kwa dagaa ni shilingi 2,200, na dagaa huiva upesi. Hata ukiongeza mkaa wa 200, gramu 25 zinagharimu kama 545. Mkaa umefuta faida yote ya maharage.

Faida hiyo inarudi ukiloweka usiku kucha na kuchemsha kilo nzima kwa mkaa ule ule wa 1,000: gramu 25 zinashuka hadi kama 455. Ila kwa joto la Dar, asiye na jokofu apike kinachoisha, maana maharage yakichacha hesabu nayo imechacha. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu nayo hugoma kuiva, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani kabla ya kufurahia bei.

Dagaa nao wana gharama yao iliyojificha, nayo ni mchanga. Wakianikwa chini badala ya kwenye chanja, huokota mchanga, na kilo yenye gramu 100 za mchanga imekula shilingi 1,200 zako. Tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, kisha tazama kilichotuama. Dagaa wazuri wanang'aa rangi ya fedha na huvunjika wakikunjwa. Wenye rangi ya kahawia na harufu ya mafuta yaliyooza, waache. Ukinunua kwa kopo au sado, omba wapimwe kwenye mzani, kwa sababu kipimo cha ujazo hakikuambii umepata gramu ngapi.

Zaidi ya protini, dagaa wanabeba kilicho haba au kisichokuwamo kwenye maharage. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, zile gramu 42 hutoa karibu miligramu 800 za kalsiamu, wakati gramu 114 za maharage hazifikishi 200. Maharage hayana vitamini B12 kabisa, dagaa wanayo. Ukikata vichwa, unatupa sehemu ya kalsiamu hiyo pamoja na uzito uliolipia: kilo ikibaki gramu 800, umenunua dagaa kwa 15,000. Maharage yana madini ya chuma, ila mwili huyanyonya kidogo. Ndimu au nyanya mbichi pembeni husaidia, na chai isubiri saa moja baada ya mlo.

Basi yai lina nafasi gani? Kama protini ya mtu mzima ni ghali. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, yai moja la shilingi 400 linatoa takribani nusu ya protini ya siku, pamoja na vitamini A na B12, kwenye tumbo lisiloweza kubeba bakuli la maharage.

Kwa bei hizi, mgawanyo wenye tija ni huu: maharage yaliyolowekwa yawe kitoweo cha siku nyingi za wiki, dagaa waingie angalau siku mbili au tatu kwa ajili ya kalsiamu na B12, na yai apewe mtoto mdogo. Nyama ikipatikana, iliwe kwa utamu wake. Pengo la gramu 25 limeshajazwa kwa robo ya bei yake.