Mashine Inavyojumlisha: Kungoja Mzigo na Kuutambua Mapema

Shikeni kalamu na karatasi.

Mnapojumlisha 27 na 15 mnaanzia kulia: 7 na 5 ni 12, mnaandika 2, mnabeba 1. Hiyo moja tuiite mzigo. Kompyuta nayo hufanya hivyo, ila ina tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwake 1 na 1 huandikwa 10, yaani andika sifuri, beba moja.

Sasa andikeni 1111, ndiyo 15. Chini yake andikeni 0001, ndiyo 1. Safu ni nne. Kila safu ina milango midogo mitano ya umeme, na kila mlango huchukua muda kidogo kujibu. Muda huo tuuite hatua. Safu ya kwanza yaweza kuchukua hatua 3 kutoa mzigo wake, na kila inayofuata huongeza 2, maana humngoja jirani wa kulia. Jumla ni milango 20 na hatua 9.

Ubaya wake ni huu: ukisoma jibu kabla mzigo haujafika mwisho, utasoma 14, au 12, au 8, wala si 16. Basi kompyuta hulazimika kungoja. Safu zikiwa 32, itangoja hatua 65.

Je, kuna njia nyingine? Iko. Kila safu yaweza kujijua bila kungoja. Ikiwa na 1 mbili, itazaa mzigo. Ikiwa na 1 moja tu, itapitisha mzigo utakaoletwa. Kwa hiyo mzigo huingia safu ya tatu ikiwa safu ya pili imezaa. Au ya pili inapitisha na ya kwanza imezaa. Au zote mbili zinapitisha mzigo uliotoka nje. Milango huulizwa maswali hayo yote kwa wakati mmoja. Mizigo yote hupatikana kwa hatua 3, na jibu kamili kwa hatua 4.

Lakini wepesi huo una gharama. Milango huwa 26 badala ya 20, na nyaya zinazoingia milangoni huwa 68 badala ya 40, hivyo nafasi zaidi hutumika. Tena mlango mkubwa huingiwa na nyaya tano, nao hujibu polepole kuliko wenye nyaya mbili. Ndiyo sababu mafundi hawatengenezi safu 32 kwa mkupuo; huzigawa makundi ya nne nne.

Zoezi: jumlisheni 0111 na 0001. Safu ipi inazaa mzigo, zipi zinapitisha, na mzigo unaishia wapi? Jibu lenu likiwa 1000, yaani 8, mmefanya sawasawa. Kwaherini.