Kwa nini mgonjwa wa saratani hukonda ilhali anakula?

Pengine msomaji, una mgonjwa wa saratani nyumbani. Unampikia kila alitakalo, naye anajitahidi kula, lakini nguo zinazidi kumpwaya. Majirani wananong'ona kwamba hapewi chakula cha kutosha, nawe unaanza kujilaumu. Kabla ya kujilaumu, yafaa ujue kwamba kukonda huku si sawa na kukonda kwa njaa.

Mtu anayekosa chakula mwili wake huanza kubana matumizi. Hutumia kwanza akiba ya mafuta na kuhifadhi misuli kadiri uwezavyo. Akipewa chakula, hurejesha uzito. Katika saratani mambo hugeuka. Uvimbe, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao, humwaga katika damu kemikali zinazouweka mwili katika hali kama ya mtu mwenye homa isiyokwisha. Kemikali hizo huamrisha misuli ivunjwe na ini litumie protini yake kwa kazi nyingine. Zikifika kwenye ubongo, huupa habari kwamba mwili umeshiba. Ndiyo sababu mgonjwa husukuma sahani baada ya vijiko viwili, wala si kwamba anakudharau. Madaktari huiita hali hii kacheksia.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hii huwapata Wakenya wengi. Mzee huyu alikuwa na kilo 70, na baada ya miezi minne akawa na kilo 61. Amepoteza kilo 9, karibu asilimia 13 ya uzito wake. Kwa kipimo kilichokubaliwa na wataalamu mwaka 2011, kupoteza zaidi ya asilimia 5 katika miezi sita, bila kukusudia, ni dalili ya kacheksia.

Mzee huyu ana wezi wawili. Wa kwanza ni uvimbe unaoziba njia, hata ugali haupiti. Mwizi huyu anaweza kuzuiwa. Daktari huingiza bomba la wavu wa chuma linalopanua umio, na mgonjwa akaweza tena kumeza vyakula laini. Mwizi wa pili ni zile kemikali, na bomba haliwezi kumfikia. Kwa hiyo usishangae mzee akianza kula vizuri, na mwezi mmoja baadaye mizani isome kilo 60.

Je, chakula basi ni bure? La, hasha. Mgonjwa wa kilo 61 huhitaji takriban kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, na gramu 61 hadi 90 za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi, na gilasi ya maziwa gramu 8. Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku: uji uliopikwa kwa maziwa na kutiwa njugu zilizosagwa, parachichi lililopondwa, mayai. Chakula hiki hupunguza kasi ya kudhoofika na humsaidia kustahimili matibabu. Lakini chakula peke yake hakirudishi misuli yote iliyopotea. Kinachozima moto wenyewe ni tiba ya saratani inapofaulu.

Usimnyime chakula ukidhani utaua uvimbe kwa njaa. Uvimbe utajilisha kwa misuli yake.

Mwulize daktari pia kuhusu vizuizi vinavyotibika: vidonda vya mdomo, kichefuchefu, maumivu, kufunga choo. Kuna dawa za kuamsha hamu ya kula, lakini uzito unaoongezeka huwa hasa mafuta na maji, si misuli. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024 ya dawa inayozuia homoni ya GDF-15, mojawapo ya zile zinazokata hamu ya kula, yalionyesha wagonjwa wakiongeza uzito, lakini hayo yalikuwa majaribio tu.

Angalia zaidi ya mizani. Miguu ikivimba maji, uzito hubaki palepale huku misuli ikiisha. Tazama mashimo kwenye panda za uso na mifupa ya mabega iliyochomoza. Mwone akiinuka kitini: je, anahitaji kushikwa?

Hatimaye huja wakati ambapo ugonjwa umeshinda dawa. Hapo mpira wa kulishia au dripu kwa kawaida haurefushi maisha, na kumlazimisha kula kwaweza kumtapisha au kumpalia. Mpe kijiko akitakacho, mlowanishe midomo, ukae naye. Anapokataa chakula hakukatai wewe, wala hafi kwa sababu hukumlisha.