Kisima Kinapoonekana Kimekufa

Daktari, wakili na mtu wa benki walikuwa wamekwisha kuzungumza katika siku ya kuchagua kazi kwenye shule moja ya sekondari kaunti ya Nakuru, ndipo akaitwa mama mmoja aliyetajwa kuwa mhandisi wa visima vya jotoardhi. Wanafunzi walitazamana. Jotoardhi wameisoma kwenye jiografia, na kreta ya Menengai iko juu ya mji wao, lakini kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kukipima kisima cha mvuke, hilo wengi hawakuwa wamelifikiria. Mama huyo alisema hata kwao nyumbani, alipochagua fani hiyo baada ya shahada ya uhandisi wa mitambo, ndugu zake walidhani amekwenda kuwachimbia watu maji ya kunywa.

Alikuwa ameombwa azungumzie shaka na uvumilivu. Akachukua chaki, akachora mstari mrefu kutoka juu ya ubao hadi chini. “Wanangu,” alisema, “hiki ni kisima cha mita 2,500. Tumemaliza kukichimba jana usiku. Tumeteremsha kipimajoto kwa waya hadi mita 2,000, kimesoma nyuzi 90. Mtambo wa umeme unataka zaidi ya 200. Je, tumepoteza pesa?”

Ukumbi mzima ukaitikia kwamba pesa zimepotea.

Maelezo aliyoyatoa baada ya hapo yanafaa kumfikia kila msomaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na visima vya namna hiyo. Chini ya Bonde la Ufa mawe ya moto huyachemsha maji yaliyonaswa katika nyufa. Ukitoboa hadi kwenye nyufa hizo, maji hupanda, hugeuka mvuke, na mvuke huizungusha tabo. Lakini ili keekee iweze kutoboa bila kuungua, na ili vumbi la mawe litoke, kisima hunyweshwa maji baridi usiku na mchana kwa muda wote wa kuchimba, yaani wiki kadhaa. Kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakipimi joto la ardhi. Kinapima maji tuliyoyamwaga sisi wenyewe.

Dawa yake ni kufunga vali na kungoja, huku ukirudia kupima. Mhandisi aliandika mfano ubaoni: nyuzi 90 siku ya kwanza, 150 baada ya wiki, 225 baada ya mwezi, 250 baada ya miezi miwili. Aliwaonyesha kwamba nyuzi zinazoongezeka kwa siku moja zinapungua kadiri muda unavyokwenda, na hiyo ndiyo alama ya kisima kinachokaribia joto lake halisi. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikulitarajia. Katika kipimo cha kwanza, sehemu iliyo baridi kuliko zote mara nyingi ndiyo bora. Maji baridi hupenya kwa wingi pale penye ufa, kwa hiyo hapo ndipo mawe hupoa zaidi na kuchelewa kupata joto, na hapohapo ndipo mvuke utakapoingilia. Mtu asiyejua atauona mchoro na kupakataa mahali palipo na mlango.

Shaka yake mwenyewe aliileta hapo. Alipokuwa mgeni kazini, na mara nyingi mwanamke peke yake katika zamu, msimamizi mmoja alitaka vali ifunguliwe mapema ili ijulikane mara moja kama kisima ni kizima. Yeye aliona mchoro bado unapanda, akaomba wangoje. Alikuwa na hofu. Watu wale walikuwa na miaka mingi kuliko yeye. Kilichomsaidia ni hesabu aliyoweza kuionyesha mezani. Bomba la chuma la mita 1,000, lau lingekuwa huru, likipashwa nyuzi 200 lingerefuka kwa zaidi ya mita mbili. Kisimani haliko huru, limeshikwa na saruji pande zote, kwa hiyo nguvu yote hiyo hubaki ndani ya chuma na saruji. Ukilipasha ghafla, saruji hupasuka, kichwa cha kisima huinuka, na pale ambapo maji yalinaswa ndani ya saruji, maji hayo hutanuka na kulibonyeza bomba hadi lizibe. Ndiyo maana kisima hupashwa polepole kwa kuachia mvuke kidogo kupitia vali ndogo kabla ya kufungua ile kubwa. Walingoja.

Hakusema kwamba tangu siku ile watu walimwamini. Alisema tu kwamba alipopata shaka tena alijiuliza: ipo hesabu nyuma yake, au ni woga wa kutazamwa? Ile yenye hesabu aliipeleka kwa wakubwa. Ile nyingine aliiacha ikae, akaendelea kupima.

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. “Madamu, na kama kisima ni baridi kweli?”

Nadhani hili ndilo swali lililokuwa bora kuliko yote siku ile, kwa sababu wazungumzaji wa shughuli kama hizo hupenda kuusifu uvumilivu kana kwamba hauna mwisho. Mhandisi alilijibu kwa historia ya Olkaria, karibu na Naivasha. Uchimbaji ulianza huko mwaka 1956. Visima viwili vikachimbwa, hakuna kilichotoa mvuke wa kutegemewa, na kazi ikaachwa kwa miaka. Iliporudiwa miaka ya 1970, kisima cha kwanza cha awamu hiyo, OW-1, kilitoka baridi. Hakuna aliyekaa akikingoja. Mtambo wa kuchimba ulihamishiwa mahali pengine palepale Olkaria, mvuke ukapatikana, na mwaka 1981 tabo ya kwanza ya megawati 15 ikaanza kazi.

Kisima baridi kweli hujulikana, aliwaeleza. Vipimo hukoma kupanda mapema, vikiwa bado chini. Au joto hupanda hadi kina fulani kisha huanza kushuka kadiri unavyoteremka. Hapo maji ya moto yanapita tu kutoka ubavuni, na chanzo chake kiko kwingine. Kukichimba zaidi kisima kama hicho ni kuzidi kwenda mbali na moto. Unaziandika data zako vizuri, kwa kuwa ndizo zitakazomwonyesha mwenzako aelekee wapi, na unahama.

Msichana aliyekaa nyuma akauliza mambo ya kila siku: usiku inakuwaje, vyoo je, na ile harufu ya mayai yaliyooza? Akajibiwa bila kufichwa. Kuchimba hakusimami usiku, kwa hiyo kuna zamu za saa kumi na mbili. Vyoo na mahali pa kubadilishia nguo ni mambo ya kuulizia kabla ya kutia sahihi mkataba. Harufu ni ya haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, na hatari yake ni kwamba ikizidi pua huacha kuinusa. Kwa hiyo kila mtu hubeba kifaa cha kuipima, na kikilia mnaondoka kuelekea upande unakotoka upepo.

Kuhusu masomo alikuwa mfupi. Fizikia, kemia na hisabati, kisha uhandisi au jiolojia. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri hufundisha jotoardhi, na Aisilandi imekuwa ikiwapokea wataalamu wa Afrika Mashariki kwa mafunzo ya miezi sita katika programu iliyoanza mwaka 1979. Msichana yule akauliza kama mtu aliyepata alama ya chini katika fizikia muhula huu aiache. Mhandisi akamuuliza alipata ngapi muhula uliotangulia, na ule wa kabla yake.