Piga Picha Mgongo wa Runinga Kabla ya Kununua Rimoti

Mteja anafika kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo na kuomba rimoti ya LG, TV ya inchi 43. Muuzaji anayeijua kazi yake hakimbilii rafu. Anauliza kwanza kama mteja ana picha ya mgongo wa TV, maana LG imekuwa ikitoa TV za inchi 43 mwaka baada ya mwaka, na jina la kampuni pamoja na inchi havitoshi kuonyesha ni ipi.

Picha inayohitajika ni ya kibandiko, kile kipande chenye maandishi madogo kinachokaa nyuma, mara nyingi pembeni chini. Ikipigwa vibaya haimsaidii mtu. Kibandiko kinang'aa, kwa hiyo mwanga wa simu ukiwashwa unarudi kama doa jeupe na kufunika hizo hizo namba zinazotafutwa. Ni afadhali kuzima mwanga huo, kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha kumulika tochi kutoka ubavuni. Picha ziwe mbili: moja ya kibandiko kwa karibu, nyingine ya mgongo mzima, simu ikiwa imenyooka mbele yake. Hiyo ya pili itakuwa na kazi yake baadaye.

Tuseme kibandiko kinasomeka 43UM7340PVA. Namba 43 ni inchi. Herufi U inaeleza kwamba kioo ni cha 4K, na M inayofuata ni ya toleo la 2019. TV za LG za namna hiyo za 2018 ziliandikwa UK, na za 2020 zikaandikwa UN. Tarakimu 7340 zinataja familia ya TV yenyewe. Herufi za mwishoni zinahusu soko iliyotengenezewa na mawimbi ya matangazo inayopokea.

Kuujua mpangilio huo kunamwokoa mtu pale maandishi yanapofifia. Kwenye picha yenye ukungu, 8 hufanana na B, na 0 hufanana na O. Lakini baada ya inchi lazima ije herufi, na baada ya herufi hizo za mwanzo zinakuja tarakimu. Nafasi ya alama ndiyo inayoamua isomwe vipi. Samsung nao wana mpangilio wao: katika UA43T5300, T ni ya 2020, na herufi mbili za mwanzo zinataja eneo la soko. UA ni ya Asia na Afrika, UE ni ya Ulaya, UN ni ya Marekani. Anayenunua TV iliyotumika ajihadhari hasa na hiyo UN. Asome kwenye kibandiko hicho hicho mstari wa umeme: ukiandikwa 110-120V peke yake, TV hiyo haifai kuchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230.

Sasa rimoti. Rimoti ya kawaida hutuma mwanga usioonekana kwa macho, na kampuni moja hutumia lugha ile ile ya mwanga kwa miaka mingi. Ndiyo maana rimoti ya zamani ya LG mara nyingi huwasha TV mpya ya LG na kupandisha sauti, ingawa baadhi ya vitufe havitafanya kitu. Rimoti yenye mshale unaotembea kwenye kioo, ile inayoitwa Magic Remote, ni habari nyingine. Inaongea na TV kwa bluetooth, na LG iliitoa kwa kufuata mwaka: AN-MR650A kwa TV za 2017, AN-MR18BA kwa za 2018, AN-MR19BA kwa za 2019. Kwa TV yetu ya UM, basi, ya kuulizia ni AN-MR19BA. Ikifika nyumbani, mtu anaielekeza kwenye TV na kubonyeza gurudumu la katikati, kisha anasubiri ujumbe kwamba imeunganishwa.

Muuzaji anaweza kuwa hana rimoti halisi, akatoa ya kufananisha. Haina ubaya kwa shughuli za kila siku, ila ijaribiwe dukani. Mteja afungue kamera ya mbele ya simu, aielekezee ncha ya rimoti na kubonyeza kitufe. Kwenye simu nyingi ataona nukta ya zambarau ikimeta. Nukta hiyo inathibitisha kwamba rimoti inatoa mwanga. Kama mwanga huo unaeleweka na TV yake, atajua mbele ya TV tu.

Kwenye braketi ya ukutani ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanaendelea kutafuta modeli wakati braketi haijali modeli hata kidogo. Inachojali ni matundu manne yaliyo katikati ya mgongo. Umbali kati yake hufuata kipimo cha VESA, kinachotajwa kwa milimita, upana kwanza: 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400 na kadhalika. TV mbili za inchi 43 zinaweza kutofautiana hapa, hivyo braketi iliyoandikwa "inchi 32 hadi 55" haijamhakikishia mnunuzi kitu.

Picha ya mgongo mzima inaweza kutoa kipimo hicho hata kama mwenye TV hana futi ya kupimia. Anabandika karatasi ya A4 kwa ulalo karibu na matundu, kisha anapiga picha. Upande mrefu wa karatasi hiyo ni milimita 297. Fundi akiikuza picha na kuona upande huo una milimita 99 kwenye kioo cha simu yake, anajua kila kitu kimepungua mara tatu. Akipima kati ya tundu na tundu akapata 67, anazidisha kwa tatu: 201. Hakuna kipimo cha 201, kwa hiyo ni 200, na hicho ndicho cha 43UM7340. Simu ikishikwa kwa kuinama hesabu inaharibika, na upande wa mbali unaonekana mfupi.

Kitu kimoja picha haiwezi kukionyesha: kina cha tundu. Bolti za TV hii ni M6, yaani unene wa milimita 6, lakini urefu wake lazima upimwe kwa kuingiza kijiti cha kiberiti na kukiwekea alama. Bolti ndefu mno inaweza kugusa vitu vya ndani na hata kupasua kioo. Fupi mno inashika nyuzi mbili tatu tu, na TV inaning'inia kwa bahati. Bolti ikianza kugoma kabla braketi haijakaza, isilazimishwe.

Miguu ya mezani haina kipimo cha pamoja kama matundu ya ukutani. Wa kushoto hauingii kulia, na wa modeli jirani unaweza kupishana tundu moja tu la skrubu ukakataa kukaa. Hapo jina kamili la kibandiko linahitajika, pamoja na picha ya sehemu ya chini inamoingia miguu. Ikikosekana kabisa, kuna stendi za mezani zinazofungwa kwenye matundu yale yale manne ya braketi.

Kibandiko chenyewe kinaweza kupotosha. TV iliyopita kwa fundi huenda imebadilishwa bodi, ikabaki na jina la zamani mgongoni huku ndani ikisikiliza rimoti nyingine. Kama inawaka, mwenye nayo aingie kwenye mipangilio, afungue ukurasa wa taarifa za TV, na kulinganisha jina lililo pale na lile la picha. Yakitofautiana, jina la kwenye kioo ndilo la kununulia rimoti, na mgongo ubaki wa kununulia miguu na braketi.